Chora Pembetatu Kwanza, Kisha Unyambue: Kurahisisha sin(arccos x) na Jamii Yake

Mwanafunzi wa kidato cha tano anayekutana kwa mara ya kwanza na swali la kunyambua y = sin(arccos x), yaani kutafuta kasi ya badiliko la y kadiri x inavyobadilika, kwa kawaida hukimbilia kanuni ya mnyororo, kwa sababu anaona fankisheni moja imewekwa ndani ya nyingine. Hajakosea. Hata hivyo, anaifikia kanuni hiyo kabla hajajiuliza usemi wenyewe unasema nini, na mara nyingi hubaki na jibu lenye arccos ndani yake, refu kuliko swali, asijue kama limekwisha au bado. Njia ninayoieleza hapa huanza na mchoro wa pembetatu mraba. Mchoro huo huondoa fankisheni zote mbili za trigonometria na kuacha usemi wa aljebra pekee, kisha unyambuaji hufanyika juu ya usemi huo.

Tuanze na kuusoma usemi wa ndani. Alama arccos x husomwa hivi: pembe ambayo kosayini yake ni x. Kwa hiyo arccos x ni pembe, na x ni uwiano wa pande mbili. Watu wengi huteleza hapa hapa, kwa kuwa wamezoea kuona x ikikaa mahali pa pembe, kama katika sin x, na wanapochora pembetatu huiandika x kwenye kona badala ya kuiandika kwenye upande. Mtelezo wa pili husababishwa na alama iliyopo kwenye vikokotoo, cos⁻¹, ambayo mtindo wake ulianzishwa na John Herschel mwaka 1813. Kile kidogo cha −1 kinafanana kabisa na kipeo hasi, na mwanafunzi huona cos⁻¹ x akaandika 1/cos x, jambo ambalo ni tofauti kabisa. Kwa sababu hiyo napendelea arccos katika maandishi, na nitaitumia hadi mwisho.

Sasa iite pembe hiyo θ, ili θ = arccos x na cos θ = x. Chora pembetatu mraba yenye pembe θ katika kona mojawapo ya zile mbili ambazo si mraba. Kosayini ni upande jirani ukigawanywa kwa haipotenusi, na x inaweza kuandikwa kama x/1, kwa hiyo upande jirani na θ una urefu wa x na haipotenusi ina urefu wa 1. Upande wa tatu, ulio mkabala na θ, haujulikani bado, lakini kanuni ya Pithagorasi inatulazimisha: mraba wake ukijumlishwa na x² lazima upate 1, kwa hiyo urefu wake ni √(1 − x²). Sayini ni upande mkabala ukigawanywa kwa haipotenusi, nayo haipotenusi ni 1. Basi:

sin(arccos x) = √(1 − x²)

Tujaribu kwa namba moja ili tusiamini mchoro kwa macho tu. Chukua x = 0.6. Upande jirani ni 0.6, haipotenusi ni 1, na upande mkabala ni √(1 − 0.36) = √0.64 = 0.8. Ile ni pembetatu ya 3, 4, 5 ambayo fundi mwashi huitumia kupata kona iliyonyooka, ila imepunguzwa mara tano. Kwenye kikokotoo, arccos 0.6 hutoa takriban 53.13 ukiwa kwenye nyuzi, au 0.9273 ukiwa kwenye radiani, na sayini ya pembe hiyo ni 0.8 katika hali zote mbili. Jambo hili dogo lafaa kuzingatiwa. Vinyambuo vya sin na cos tunavyovikariri ni kweli kwa radiani tu, lakini katika usemi huu pembe huzaliwa na kufa ndani ya mabano, na kipimo chake hakifiki nje.

Kunyambua sasa ni kazi ya mstari mmoja. Kipeuo cha pili cha (1 − x²) ni (1 − x²) iliyopandishwa kwa nusu, kwa hiyo tunashusha nusu, tunapunguza kipeo kuwa hasi nusu, na kuzidisha kwa kinyambuo cha sehemu ya ndani ambacho ni −2x. Zile mbili hufutana, na tunabaki na:

y′ = −x/√(1 − x²)

Ni haki kumsikiliza pia yule aliyekimbilia kanuni ya mnyororo. Yeye ananyambua sayini ya nje na kupata cos(arccos x), kisha anazidisha kwa kinyambuo cha arccos x ambacho ni −1/√(1 − x²). Akikumbuka kwamba kosayini ya pembe ambayo kosayini yake ni x haiwezi kuwa kitu kingine ila x, anafika palepale. Katika mfano huu, basi, faida ya pembetatu ni ndogo, na sitamdanganya msomaji kwamba ni kubwa. Ila ni vema ajue kwamba hata yule wa mnyororo alikwisha kuitumia pembetatu bila kuiona, kwa maana kile kipeuo kilicho ndani ya kinyambuo cha arccos kinatoka humo. Ukinyambua cos θ = x pande zote mbili kwa kufuata x unapata −sin θ · θ′ = 1, yaani θ′ = −1/sin θ, na sin θ ni upande uleule wa tatu tuliouhesabu muda si mrefu.

Jibu lenyewe lina sura ya kijiometri inayosaidia kulikagua. Mlinganyo y = √(1 − x²) ni nusu ya juu ya duara lenye nusu kipenyo 1. Kwa kuwa kipeuo kilicho chini ni y yenyewe, kinyambuo kinaweza kuandikwa −x/y. Katika nukta (0.6, 0.8) mwinamo wa duara ni −0.6/0.8 = −0.75, ilhali mwinamo wa nusu kipenyo kinachofika hapo ni 0.8/0.6. Zidisha miinamo hiyo miwili upate −1, dalili kwamba mistari hiyo inakutana kwa pembe mraba, kama inavyopasa mstari mguso na nusu kipenyo chake.

Faida ya kurahisisha kwanza huonekana pale fankisheni ya nje inapokuwa si jamaa wa karibu wa ile ya ndani. Chukua y = tan(arccos x). Kwa mnyororo peke yake, jibu la kwanza linalotoka ni sec²(arccos x) · (−1/√(1 − x²)), na wengi huishia hapo. Si kosa, lakini jibu hilo halisomeki: huwezi kujua kwa kulitazama kama linakua au linapungua, wala linaharibika wapi. Rudi kwenye pembetatu ileile, usiibadilishe hata upande mmoja. Tanjenti ni upande mkabala kugawanya kwa upande jirani, kwa hiyo y = √(1 − x²)/x. Kwa kanuni ya kugawanya, kiasi cha kinyambuo ni x · (−x/√(1 − x²)) − √(1 − x²), na asili yake ni x². Ukiviweka vijisehemu vya juu juu ya asili moja, yaani √(1 − x²), juu panakuwa −x² − (1 − x²), ambayo ni −1 tu, nacho kinyambuo kinakuwa:

y′ = −1/(x²√(1 − x²))

Hapo kila kitu kiko wazi. Kinyambuo ni hasi popote kilipo, kinaharibika x inapokuwa 0 kwa sababu pembe ya nyuzi 90 haina tanjenti, na tena kwenye 1 na −1. Ukitaka kukikagua kwa namba, chukua tena x = 0.6, ambapo fomula inatoa −1/(0.36 × 0.8), yaani karibu −3.472. Kisha hesabu y kwenye 0.601, utapata takriban 1.32987, na kwenye 0.599, takriban 1.33681. Tofauti yao ni −0.00694, na ukiigawanya kwa 0.002 unapata karibu −3.47. Ukaguzi huu wa namba mbili zilizo kando ya nukta ndio ninaowashauri wote wanaojisomea, kwa sababu unanasa kosa la alama na kosa la kusahau kigawo kwa mpigo mmoja.

Kusahau kigawo ndilo kosa linalotawala pale ndani ya mabano panapokuwa na kitu zaidi ya x. Tuseme y = sin(arctan(x/3)). Hii inaweza kuwa hali halisi kabisa: umesimama mita 3 kutoka kwenye shina la mnazi, x ni urefu wa sehemu unayoitazama kutoka usawa wa jicho lako, na y ni sayini ya pembe ambayo jicho limeinuka. Tanjenti ya pembe ni x/3, kwa hiyo upande mkabala ni x, upande jirani ni 3, na safari hii isiyojulikana ni haipotenusi, ambayo kwa Pithagorasi ni √(x² + 9). Kumbe y = x/√(x² + 9). Ukinyambua kwa kanuni ya kugawanya, juu panatokea √(x² + 9) − x²/√(x² + 9), ambayo ni 9/√(x² + 9), na baada ya kugawanya kwa x² + 9 unapata:

y′ = 9/(x² + 9)^(3/2)

Kwenye x = 4 haipotenusi ni 5, na kinyambuo ni 9/125, yaani 0.072. Mtu wa mnyororo angepaswa kuzidisha vitu vitatu: kosayini ya pembe, ambayo ni 0.6, kisha 1/(1 + 16/9), ambayo ni 0.36, kisha theluthi moja inayotoka ndani ya mabano. Akiiacha theluthi hiyo atapata 0.216, mara tatu ya jibu sahihi, na hakuna kitu kwenye karatasi yake kitakachomwonya. Katika njia ya pembetatu, namba 3 imeshakuwa upande wa mchoro na haiwezi kusahaulika. Nimekagua madaftari mengi yenye kosa hili, na karibu yote yalikuwa ya wanafunzi waliokuwa hodari wa mnyororo.

Kufikia hapa msomaji makini atakuwa ameona jambo la kuuliza. Pembe iliyo ndani ya pembetatu mraba, mbali na mraba wenyewe, ni ndogo kuliko nyuzi 90, na pande za pembetatu haziwi na urefu hasi. Je, x ikiwa −0.6 tuna haki gani ya kutumia mchoro huu? Haki hiyo haitoki kwenye mchoro. Inatoka kwenye makubaliano kuhusu pembe ambazo arccos inaruhusiwa kutoa, yaani kuanzia 0 hadi π. Ndani ya eneo hilo lote sayini si hasi kamwe. Kwa kuwa sin²θ + cos²θ = 1 ni kweli kwa kila pembe, sin θ ni lazima iwe √(1 − x²) au kinyume chake chenye alama ya kutoa, na makubaliano yale yanatuondolea chaguo la pili. Kwa hiyo sin(arccos(−0.6)) ni 0.8, si −0.8. Pembetatu inatupa ukubwa wa jibu, na alama yake tunaitafuta kwenye eneo la pembe. Kwa tan(arccos x) alama inajipanga yenyewe, kwa sababu x iliyo chini ya mstari wa sehemu inaleta hasi pale inapotakiwa. Kwa arcsin na arctan, ambazo pembe zake ziko kati ya −π/2 na π/2, kosayini haiwi hasi, na hapo pia kipeuo chenye alama chanya kinatosha.

Mahali ambapo uzembe wa alama unaadhibiwa ni kwenye sekanti. Chukua y = tan(arcsec x). Sekanti ni haipotenusi kugawanya kwa upande jirani, kwa hiyo haipotenusi ni x, upande jirani ni 1, upande mkabala ni √(x² − 1), na mchoro unatuambia y = √(x² − 1). Jaribu x = 2: pembe ni nyuzi 60, tanjenti yake ni √3, na fomula inakubali. Jaribu sasa x = −2. Kwa makubaliano ya kwamba arcsec hutoa pembe kati ya 0 na π, pembe ambayo sekanti yake ni −2 ni nyuzi 120, na tanjenti yake ni −√3. Fomula inatoa √3. Mchoro haukusema uongo. Sisi ndio tuliuuliza kuhusu pembe isiyoingia ndani yake. Jibu kamili ni √(x² − 1) kwa x isiyopungua 1, na −√(x² − 1) kwa x isiyozidi −1. Kinyambuo nacho ni x/√(x² − 1) upande wa kulia na −x/√(x² − 1) upande wa kushoto, na kwa kuwa −x ni chanya x inapokuwa hasi, vyote viwili vinaweza kuandikwa kwa pamoja |x|/√(x² − 1). Tatizo linaongezwa na ukweli kwamba vitabu havikubaliani. Viko vinavyoipa arcsec pembe za kati ya π na 3π/2 kwa x hasi, mahali ambapo tanjenti ni chanya, ili kipeuo kibaki na alama moja tu. Kabla ya kumwambia mwenzako kwamba amekosea, tazama kwanza ukurasa wa kitabu chake ulioeleza eneo la arcsec.

Mpangilio ukigeuzwa, fankisheni ya kinyume ikiwa nje na ya kawaida ikiwa ndani, kama katika y = arccos(sin x), pembetatu inasaidia kidogo tu. Pembe mbili ndogo za pembetatu mraba hujumlika kuwa π/2, na sayini ya moja ni kosayini ya nyingine, kwa hiyo mchoro unapendekeza y = π/2 − x, yenye kinyambuo −1. Hilo ni kweli x ikiwa kati ya −π/2 na π/2. Nje ya hapo x inaendelea kukua lakini arccos inakataa kutoka nje ya eneo lake, na grafu inakuwa msumeno unaopanda na kushuka kwa mwinamo wa 1 na −1 kwa zamu, bila kinyambuo kwenye kila ncha ya jino.

Kuna familia moja ambayo inaonyesha kwa nini kurahisisha kwanza si suala la usafi wa daftari tu. Chukua y = cos(3 arccos x). Pembe θ iko kwenye pembetatu yetu ya mwanzo, lakini tunatakiwa kosayini ya mara tatu yake, kwa hiyo tunahitaji utambulisho cos 3θ = 4cos³θ − 3cos θ kabla ya kuingiza pande. Tukiingiza cos θ = x tunapata y = 4x³ − 3x. Fankisheni za trigonometria zimetoweka, na hata kipeuo hakijabaki. Hii ni mojawapo ya polinomia zinazoitwa za Chebyshev, kwa jina la Mrusi Pafnuty Chebyshev aliyeziandikia mwaka 1854, na kila cos(n arccos x) yenye n nzima hugeuka polinomia namna hiyo. Kinyambuo ni 12x² − 3.

Linganisha na kile anachokipata mtu wa mnyororo asiyerahisisha: 3 sin(3 arccos x)/√(1 − x²). Mwambie aweke x = 1. Juu anapata sayini ya sifuri, chini anapata kipeuo cha sifuri, na sifuri kwa sifuri haigawanyiki. Kikokotoo kitamwandikia kosa, naye ataandika kwamba kinyambuo hakipo mahali hapo. Polinomia inasema kipo na ni 9, ikieleweka kwamba kwenye x = 1 tunaikaribia nukta kutoka kushoto tu, kwa kuwa arccos haina thamani kwa namba iliyozidi 1. Ushahidi umo ndani ya usemi wake mwenyewe: sin 3θ = sin θ(3 − 4sin²θ), na sin θ ndiyo ile √(1 − x²) iliyo chini, kwa hiyo hufutana, na kinachobaki ni 3(3 − 4(1 − x²)), ambayo kwenye 1 ni 9. Sasa iweke x = 1 ileile katika −x/√(1 − x²) tuliyoanza nayo. Hapo juu pana −1, chini pana sifuri, na hakuna kigawo cha kufuta: duara pale linasimama wima, na kinyambuo kweli hakipo.